Siku kumi anazoomba mkaguzi wa programu

Tarehe 15 Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo ya serikali kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kulingana na kiasi cha pesa. Septemba mwaka huohuo tozo hiyo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwa mwananchi, hayo yalikuwa mabadiliko mawili ya bei. Kwa watu wanaotunza mifumo ya kompyuta ya kutuma na kupokea pesa, ilikuwa mara mbili kuigusa hesabu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri, na mara mbili kuhakikisha kwamba mengine yote hayakuharibika: salio linasomeka sawasawa, risiti inataja kiasi kilekile kilichokatwa, na muamala uliokwama unarudi kwa mwenyewe.

Kazi hiyo ya kuhakikisha ina mtu wake. Katika kampuni za programu anaitwa mhandisi wa ubora, na hapa tutamwita mkaguzi. Msanidi huandika programu, na mkaguzi huijaribu kabla haijamfikia mteja. Sehemu kubwa ya muda wake haitumiki kwenye vitu vipyavipya. Inakwenda kwenye kukagua upya vitu vya zamani ambavyo jana vilikuwa vizima, na huo ndio ukaguzi wa marudio.

Mtu wa nje anaweza kuuliza kwa nini kizima kikaguliwe tena. Sababu ni kwamba sehemu za programu hutegemeana kwa njia zisizoonekana. Ni kama fundi aliyekuja kutengeneza soketi ya jikoni, akaondoka, na jioni mkagundua taa ya sebuleni haiwaki. Frederick Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa mfumo mkubwa wa kompyuta wa OS/360 katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kila unaporekebisha kasoro moja kuna uwezekano wa asilimia 20 hadi 50 wa kuingiza nyingine. Ndiyo maana, alieleza, baada ya kila marekebisho majaribio yote ya nyuma yanapaswa kurudiwa. Aliongeza kwamba kufanya hivyo ni gharama kubwa.

Gharama hiyo ndiyo inayomfanya mkaguzi aandike barua kwa meneja wake. Barua tunayoipitia hapa tumeitunga kwa mfano. Mkaguzi wetu yuko katika kampuni ndogo jijini Dar es Salaam inayotengeneza mfumo wa SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo. Kampuni na takwimu zake ni za kubuni, lakini kazi, hesabu na matatizo yanayoelezwa ni yale ambayo wakaguzi hukutana nayo kila siku. Barua inaanza hivi:

> Yah: Ombi la siku kumi za kazi ili sehemu ya ukaguzi wa marudio ijiendeshe yenyewe
>
> Ndugu Meneja,
>
> Tafadhali husika na somo hapo juu. Kila baada ya wiki mbili, kabla hatujavipa vyama toleo jipya, napitia kwa mkono orodha ya vipengele 64. Kila kimoja huchukua wastani wa dakika 12, hivyo mzunguko mmoja ni karibu saa 13. Orodha hii hurefuka kila tunapoongeza huduma mpya, na hakuna kipengele kinachotoka.
>
> Mzunguko wa kwanza ukifichua kasoro, wasanidi huirekebisha, na marekebisho hayo nayo ni mabadiliko. Kwa utaratibu wetu orodha yote irudiwe. Muda tulionao unatosha kurudia pale palipoguswa na maeneo ya jirani tu. Naomba ulifahamu hilo kwanza, kwa sababu ndiko hatari yetu iliko.

Mkaguzi amefanya jambo la maana hapa. Ameacha kulalamikia uchovu, ingawa kubofya vitufe vilevile kwa saa 13 kunachosha kweli. Amemweleza meneja jambo ambalo pengine hakulijua. Neno “tumekagua” kwenye ripoti ya mwisho lina maana mbili tofauti. Toleo lililokaguliwa lote ni lile la kabla ya marekebisho. Toleo linalokwenda kwa wateja limekaguliwa kwa sehemu.

Kisha barua inatoa tukio moja, na hapa inafaa tusogee karibu tuone namba zenyewe.

Mwanachama amekopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, inayokokotolewa kwenye deni lililobaki, kwa miezi 12. Rejesho lake la kila mwezi ni shilingi 91,680. Mwezi wa kwanza, shilingi 15,000 kati ya hizo ni riba na 76,680 zinapunguza mkopo. Mwezi huo mambo hayakumwendea vizuri, akaleta shilingi 50,000 tu. Kanuni ya chama inasema malipo pungufu yaanze kufuta riba, kinachobaki ndicho kipunguze mkopo. Kwa hiyo 15,000 ziende kwenye riba, 35,000 kwenye mkopo, na salio liwe shilingi 965,000.

Katika toleo fulani, msanidi alikuwa akiongeza huduma ya mwanachama kumaliza mkopo kabla ya wakati. Ili kufanya hivyo alibadilisha mpangilio wa jinsi pesa inayoingia inavyogawanywa. Huduma mpya ilifanya kazi bila tatizo. Lakini malipo pungufu, ambayo hakuna aliyekusudia kuyagusa, sasa yalikuwa yanakwenda yote kwenye mkopo. Salio likawa shilingi 950,000, na riba ya 15,000 ikabaki bila kulipwa.

Kasoro ya namna hii ni ngumu kuiona. Simu ya mwanachama inasema malipo yamepokelewa, na ni kweli yamepokelewa. Jumla ya pesa iliyoingia chamani ni 50,000, na ni sahihi. Mgawanyo wa ndani peke yake ndio ulioharibika, na mhasibu ataugundua mwisho wa mwezi atakapolinganisha riba iliyotarajiwa na iliyokusanywa. Wakati huo wanachama wengi watakuwa wameshalipa, na kila akaunti italazimika kusahihishwa peke yake.

> Kasoro hii niliikuta siku moja kabla ya kutoa toleo. Msanidi alikuwa ameiingiza siku ya pili ya kazi. Katikati hapo wenzake walikuwa wameshajenga mambo mengine juu ya mpangilio ule mpya, hivyo kuurudisha kulitaka mashauriano ya watu watatu. Kama ingejulikana asubuhi iliyofuata, aliyeiandika angeirekebisha mwenyewe ingali mbichi kichwani mwake.

Hapa ndipo uzito wa ombi ulipo. Mara nyingi kazi ya kujiendesha huombwa kwa hoja ya kuokoa muda wa mkaguzi. Muda unaokolewa kweli, lakini faida kubwa zaidi ni kufupisha umbali kati ya siku kasoro inapoingia na siku inapoonekana. Ukaguzi wa mkono hufanyika mara moja kwa wiki mbili kwa sababu mtu hawezi kuurudia kila siku. Kompyuta inaweza kuufanya kila usiku, na kila msanidi anapowasilisha badiliko.

Ili kompyuta ifanye hivyo, mkaguzi lazima aiandikie kila kipimo: ianzie wapi, ifanye nini, na jibu sahihi ni lipi. Kwa tukio letu la malipo pungufu, kipimo kilichoandikwa kwa lugha ya Python kinaweza kuonekana hivi:

```python
def test_malipo_pungufu_huanza_na_riba():
    mkopo = fungua_mkopo(kiasi=1_000_000, riba="0.015", miezi=12)
    mkopo.funga_mwezi()
    mkopo.pokea(50_000)
    assert mkopo.riba_iliyolipwa == 15_000
    assert mkopo.salio == 965_000
```

Hata asiyejua programu anaweza kuufuata mtiririko. Fungua mkopo wa milioni moja, funga mwezi wa kwanza, pokea shilingi 50,000. Mistari miwili ya mwisho, inayoanza na `assert`, inasisitiza kwamba riba iliyolipwa ni 15,000 na salio ni 965,000. Majibu yakilingana, kipimo kinapita. Yasipolingana, kompyuta inaonyesha alama nyekundu na kutaja namba iliyotarajiwa na iliyopatikana. Kipimo cha aina hii, kinachogusa hesabu moja kwa moja bila kupita kwenye skrini, humalizika kwa muda mdogo kuliko sekunde moja.

Mkaguzi haombi kufanya vipengele vyote 64 vijiendeshe. Ameomba 20, na ameeleza alivyovichagua. Kipengele kiwe kinarudiwa kila toleo. Kiwe na jibu moja lisilo na ubishi, kama 965,000. Kiwe sehemu iliyotulia, ambayo haibadilishwi umbo kila mwezi. Na kikiharibika, kiwe kinaumiza pesa au taarifa za mwanachama. Hesabu za riba, adhabu za kuchelewa, ukomo wa mkopo kulingana na akiba, na ruhusa za nani aone akaunti ya nani vyote vimo.

Kisha inakuja hesabu ya gharama, na barua haikuipamba:

> Vipengele hivi 20 ndivyo virefu zaidi, wastani wa dakika 18 kila kimoja, yaani saa 6 kwa mzunguko. Kuandika kipimo kimoja, pamoja na kuandaa data zake, nakadiria saa 4. Jumla ni saa 80, siku kumi za kazi. Vipimo navyo huhitaji matunzo, kwa sababu mfumo ukibadilika navyo hubadilika. Natenga saa moja na nusu kwa kila toleo. Tutakuwa tumeokoa saa 4 na nusu kwa toleo, na siku kumi tulizotumia zitarudi baada ya matoleo 18, zaidi ya miezi minane.
>
> Sitaki kukuahidi kwamba zitarudi mapema zaidi kwa hesabu ya saa peke yake. Ninachoahidi ni kwamba kuanzia wiki ya tatu, vipengele hivi 20 vitakaguliwa kila usiku, na mzunguko wa pili ambao leo hatuufanyi wote utafanyika kwa vipengele hivyo bila kumwongezea mtu kazi.

Miezi minane inaweza kumkatisha tamaa meneja, lakini ni bora kuliko ahadi ya mwezi mmoja. Meneja aliyeahidiwa kwamba vipimo vikishaandikwa havina gharama tena atakasirika mara ya kwanza atakapomkuta mkaguzi akivirekebisha. Matunzo ndiyo gharama ambayo maombi mengi huisahau, na ndiyo huua kazi hii baada ya mwaka mmoja: vipimo vinapitwa na mfumo, vinaanza kushindwa bila sababu, na watu wanaacha kuvitazama.

Mambo matatu hasa ndiyo huharibu vipimo, na barua nzuri huyataja kabla meneja hajayauliza.

La kwanza ni kuandika kila kitu kupitia skrini. Zana kama Selenium, iliyoanza mwaka 2004, huiwezesha kompyuta kufungua ukurasa, kujaza fomu na kubofya vitufe kama mtu. Inapendeza kuitazama ikifanya kazi, lakini kipimo cha namna hiyo huchukua sekunde nyingi, na mbunifu akibadilisha jina la kitufe kinavunjika hata kama hesabu zote ni sahihi. Mkaguzi wetu ameandika kwamba kati ya vipimo 20, 16 vitagusa hesabu na kanuni moja kwa moja, na vinne tu vitapita kwenye skrini: kuingia, kuomba mkopo, kulipa na kutoa taarifa ya akaunti. Hivyo vinne vinahakikisha njia kuu iko wazi kutoka mwanzo hadi mwisho, na mengine yote yanakaguliwa chini yake.

La pili ni kipimo kinachoyumba, leo kinapita, kesho kinashindwa, na programu haijaguswa. Ni rahisi kukitambua: kiendeshe mara kadhaa juu ya programu ileile, na majibu yakitofautiana, tatizo haliko kwenye badiliko la msanidi. Mara nyingi kipimo kinasubiri sekunde tatu kamili ukurasa ufunguke, na siku seva ikiwa nzito ukurasa unachukua nne. Au vipimo viwili vinatumia akaunti moja ya majaribio, kimoja kinatoa pesa ambayo kingine kinategemea kuikuta. Au kipimo kinategemea tarehe ya leo, basi tarehe 31 kinashindwa. Tatizo hili halimkumbi mgeni peke yake. Mwaka 2016 wahandisi wa Google walieleza kwamba karibu asilimia 16 ya vipimo vyao vilikuwa na kiasi fulani cha kuyumba.

Madhara yake huwa kwa watu zaidi kuliko kwa mashine. Wasanidi wakishazoea kwamba alama nyekundu mara nyingi ni ya uongo, siku itakapokuwa ya kweli wataipuuza. Kwa hiyo barua imeweka sharti: kipimo kinachoyumba kitaondolewa siku hiyohiyo kwenye kundi linaloweza kuzuia toleo, na ndani ya wiki moja kitarekebishwa au kufutwa.

La tatu ni kinyume cha la pili, nalo halipigi kelele. Kuna kipimo kinachopita kila siku kwa sababu hakipimi chochote. Mwandishi wake alisahau mistari ya `assert`, au alilinganisha namba na yenyewe. Dawa yake ni kuharibu kwa makusudi. Kabla ya kuamini kipimo cha malipo pungufu, mkaguzi anarudisha kwenye nakala ya majaribio ile kasoro ya kupeleka pesa yote kwenye mkopo, kisha anaendesha kipimo. Lazima kiwe chekundu na kiseme kilitarajia riba iliyolipwa ya 15,000 kikapata 0. Kikibaki kijani, hakifai, na ni heri kujua mapema.

> Vipengele 44 vitabaki kwa mkono, na sitaki vyote vije kujiendesha. Kompyuta haiwezi kuniambia kama ujumbe wa kukataliwa mkopo unaeleweka kwa mama anayeusoma sokoni, wala kama hatua za kuomba mkopo zinamchanganya mwanachama mpya. Muda utakaopatikana nitautumia huko, na kwenye huduma mpya ambazo bado hakuna anayejua zitaharibika vipi.

Kipande hiki kinaondoa hofu mbili. Meneja anaweza kudhani akishatoa siku kumi hatamhitaji mkaguzi tena. Mkaguzi mwenyewe anaweza kuogopa kwamba anajiondolea kazi. Ukweli ni kwamba vipimo vilivyoandikwa hukagua yale tu ambayo mtu alishayafikiria. Havitafuti. Hisia kwamba kuna kitu hakiko sawa, udadisi wa kujaribu kulipa mara mbili kwa haraka mtandao ukiwa dhaifu, au wa kuandika jina lenye nukta ya juu kama Ng'wanza, hubaki kwa mtu. Siku udadisi huo unapofichua kasoro, ndipo inapoandikiwa kipimo ili isirudi kimyakimya.

Barua inamalizia kwa kugawa ombi katika nusu mbili, jambo linalomrahisishia meneja kukubali:

> Naomba siku tano kwanza, kwa vipimo kumi vya mikopo na riba. Baada ya hapo nitakuletea mambo mawili. Kwanza, matokeo ya kasoro tano tutakazozipandikiza kwa makusudi kwenye nakala ya majaribio. Msanidi ndiye atakayezichagua, si mimi. Vipimo vikikamata pungufu ya nne, tusimame. Pili, idadi ya mara vipimo vilivyoonyesha nyekundu ya uongo katika wiki ya kwanza. Tukiridhika, tutaendelea na siku tano za pili. Katika siku hizo toleo linalofuata lichelewe kwa wiki moja, au mwenzangu mmoja anisaidie mzunguko wa mkono. Naomba uamue lipi.
>
> Natanguliza shukrani.

Sentensi kuhusu kuchelewa kwa toleo ndiyo ngumu kuiandika, na ndiyo isiyofaa kuachwa. Muda hauzaliwi. Siku kumi zinatoka mahali fulani, na mkaguzi asiyesema zinatoka wapi ataambiwa azipate jioni au Jumamosi, kisha kazi iishie nusu.

Meneja anayeipokea barua kama hii ana haki ya kukataa. Huenda mfumo huo unakaribia kuachwa, au hesabu za mikopo zitaandikwa upya mwezi ujao, na vipimo vilivyoandikwa leo vitatupwa. Hizo ni sababu halali. Lakini akikataa kwa sababu ya haraka tu, kuna jambo moja la kutekeleza siku hiyohiyo: achukue orodha ya vipengele 64, aweke alama kwenye vile anavyokubali visikaguliwe baada ya marekebisho ya mwisho, na aweke sahihi yake chini. Hatari hiyo ipo tangu zamani, nayo ilikuwa mikononi mwa mkaguzi ambaye hana mamlaka ya kuikubali. Sahihi ya meneja inaiweka kwa mtu mwenye mamlaka hayo.